Mwenyeji, tuonyeshe mama mkwe mapema

Bwana harusi akitoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na binti akiwa wa Mukono kule Buganda, hotuba ya kuwakaribisha wageni kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya harusi, huishia kusemwa kwa Kiswahili. Nimeshasimama kama msemaji wa wenyeji, na nionavyo mimi hotuba hii huharibikia kwenye utambulisho wa ndugu. Mwenyeji huanza na babu, akapita kwa binamu wote, akamalizia na jirani aliyehamia juzi.

Mgeni hahitaji ukoo mzima. Anahitaji wale ambao mila inamhusisha nao siku hiyo, na wa kwanza ni mama wa binti. Kwa Waganda wa Buganda, mkwe hamgusi mama mkwe wake. Wazee husema anayevunja mwiko huo hupatwa na kutetemeka mwili, nao huita obuko. Kijana wa Arua asiyeambiwa atanyoosha mkono kwa heshima zake zote, na hema zima litaguna. Basi mwenyeji aseme mapema: "Yule mwenye gomesi ya kijani ndiye mama. Msalimieni kwa mbali. Mikono tupeni sisi, tuko wengi."

Wa pili ni senga, shangazi wa binti, ambaye baadaye atapita katikati ya wageni kumtafuta bwana harusi. Wamjue sura, wasije wakadhani ni mpishi anayetafuta kiti. Wa tatu ni muko, kaka wa binti, mwenye haki ya kupewa jogoo. Hapa utani unajileta wenyewe: "Huyu mpole namna hii, lakini macho yake yako kwa jogoo wake tangu alfajiri." Waliobaki wasimame pamoja, wapunge mikono, wakae.

Utani mwingine uelekezwe njiani au kwetu wenyewe. Anayetania lafudhi ya wageni au idadi ya ng'ombe hajui kwamba upande wa pili kuna mjomba aliyeuza mmoja ili nauli itoshe. Ninayependa mimi ni huu: "Kama nyani wa Karuma wamewapokonya ndizi, msihuzunike, matoke yako jikoni."

Dua nayo isiwe mahubiri. Huenda wageni wakawa Waislamu na wenyeji Wakristo, au kinyume chake, hivyo maneno yawe ya kila mtu kuitikia amina: "Mungu aliyewavusha Nile mara mbili, Pakwach kisha Karuma, awarudishe salama, na njia hii isiote majani kati ya nyumba zetu." Mimi huiweka mwanzoni kabisa, kabla ya majina, kwa sababu baada ya kicheko watu hawainamishi vichwa tena.

Yote hayo ni dakika tano. Kisha mwenyeji akae, amwachie msemaji wa wageni aeleze wametoka wapi na wamefuata nini, hata kama kila mtu hemani anajua.