Dakika zile zile, mzigo maradufu

Nakimbia Iringa, na naamini wakimbiaji wengi wa hapa tunaumia tukitoka mapumzikoni. Mimi niliumia hivyo.

Kwa kawaida nilikimbia mara nne kwa wiki, dakika 40 kila mara. Ukimaliza kukimbia, pumzika kama nusu saa, kisha jiulize: kwa jumla mazoezi ya leo yalikuwa magumu kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10? Zidisha jibu kwa dakika, unapata mzigo wa siku hiyo. Kwangu ilikuwa 5, kwa hiyo wiki nzima ni dakika 160 mara 5, yaani 800.

Nilifanya wiki mbili za 800. Ikaja misiba na mavuno, nikakimbia mara moja tu kwa wiki, wiki mbili mfululizo: 200 na 200. Wastani wa wiki zote nne ukashuka hadi 500. Niliporudi nikakimbia mara nne kama zamani, ila siku mbili nilipandisha kutoka Ipogolo hadi mjini, na mlima ule kwangu ni 8. Mwenzangu akaniambia, "Kaka, dakika si ni zile zile?" Kweli zilikuwa 160, lakini mzigo ulifika 1,040. Gawanya kwa 500, unapata zaidi ya mara mbili ya kile ambacho mwili ulikuwa umezoea.

Mwaka 2016 mtafiti wa Australia, Tim Gabbett, aliandika kwamba uwiano huu, yaani mzigo wa wiki ukigawanywa kwa wastani wa wiki nne zilizotangulia, ukiwa 0.8 hadi 1.3 una hatari ndogo, na ukifika 1.5 hatari inapanda. Takwimu zake zilitoka zaidi kwenye michezo ya timu, kama raga na kriketi, na watafiti wengine wamezipinga vikali. Mimi nautumia uwiano huu kujiuliza swali, siyo kutabiri jeraha.

Ningerudi na siku tatu za tambarare, mzigo ungekuwa 600 na uwiano 1.2. Ila hapo kuna mtego. Ukishikilia 600 hiyo hiyo, wiki ya pili uwiano unakuwa 1.33 na ya tatu 1.5, kwa sababu zile wiki za 800 zinatoka kwenye hesabu. Hujaongeza chochote. Kwa hiyo wiki ya tatu siogopi namba. Naangalia mguu, na mlima wa Ipogolo nauacha hadi wiki ya nne, uwiano unaporudi 1.2. Hapo naupanda siku moja tu, badala ya siku moja ya tambarare: 720, yaani 1.44. Bado ni juu kuliko ninavyopenda, kwa hiyo siku hiyo nakata hadi dakika 25, na wiki inabaki 600.

Na mguu una lugha yake. Maumivu yaliyotawanyika kwenye muundi mara nyingi hupoa ukipunguza mazoezi. Yangu yalikuwa sehemu moja ya kuonyesha kwa kidole, na yaliuma hata usiku nimelala. Hiyo ni dalili ya mfupa kuanza kupasuka. Acha kukimbia, nenda hospitali, na picha ya eksirei ikionekana safi usirudi barabarani kwa hiyo peke yake, maana ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani wiki mbili tatu za mwanzo.