Mbwa Akikaa Kando ya Begi, Nani Amesema?

"Mbwa wa bandarini akikaa kando ya mzigo wangu, huo ni ushahidi tayari? Na ni kweli pua yake inatushinda mara elfu kumi?"

Nianze na la pili, maana ndilo linalowafanya watu waliamini la kwanza bila kuhoji. Hiyo elfu kumi haina maana moja. Uwezo wa kunusa hupimwa kwa kila harufu peke yake, na pengo kati yetu na mbwa hubadilika kutoka harufu hadi harufu. Nasi si viziwi wa pua kama tunavyojidhania. Huko Berkeley, Marekani, watafiti waliwafunga watu 32 macho, wakawaweka kwa magoti na mikono kwenye nyasi zilizolazwa uzi wa mita 10 wenye harufu ya chokoleti. Theluthi mbili waliufuata, tena kwa kuyumba kushoto na kulia kama afanyavyo mbwa, na walioendelea kufanya mazoezi walizidi kuwa wepesi.

Mbwa anatushinda zaidi katika namna ya kuichukua hewa. Mtazame anaponusa ardhi yenye vumbi. Pumzi inayotoka haiendi mbele. Inapita kwenye mikato miwili ya ubavuni mwa pua na kurusha vumbi nyuma, hivyo haipeperushi kile anachokitafuta. Hufanya hivyo kama mara 5 kwa sekunde. Ndani ya pua hewa hugawanyika: sehemu kubwa hushuka mapafuni, na sehemu ndogo huingia kwenye chumba cha nyuma chenye mikunjo mingi iliyojaa vipokezi vya harufu, ambako pumzi ya kutoka haiisukumi nje. Kwetu sisi hewa ya kunusa na ya kupumua hupita njia moja, na pumzi inayofuata huifagia harufu kabla hatujaimaliza.

Lakini pua hiyo hiyo ina mpaka. Mbwa anayehema kwa mdomo kwa sababu ya joto hanusi sawasawa. Mchana wa jua la Mombasa, katikati ya makontena, mbwa hufanya kazi kwa muda mfupi kisha hupumzishwa kivulini na kupewa maji. Anayemlazimisha kuendelea anatembeza mnyama, hapekui tena.

Sasa mafunzo. Pale Usa River, karibu na Arusha, taasisi ya African Wildlife Foundation huwafundisha mbwa na waongozaji wao kugundua pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona. Kazi ya namna hii, popote duniani, huanza na mpira. Huchaguliwa mbwa anayeutaka mpira kuliko kitu kingine chochote. Makopo hupangwa mstari, moja lina kipande cha pembe, mengine ni matupu. Mbwa anapita, pua inasita kwenye lile lenye pembe, na papo hapo mpira unatokea. Sekunde ile ndiyo somo lote. Mpira ukichelewa hadi mbwa ameinua kichwa na kumwangalia bwana wake, amelipwa kwa kuangalia, na kuangalia ndiko atakakojifunza. Baadaye ndipo anafundishwa kukaa na kutulia mbele ya kopo, kwa kuwa mbwa anayekwaruza huharibu mzigo, na kwenye vilipuzi anaweza kuua.

Hapa ndipo makosa huingia, na mengi huingia kimyakimya. Kipande cha pembe kikishikwa kila siku kwa glavu za aina moja, mbwa anaweza kujifunza glavu. Kikifungwa kwa mfuko uleule, anajifunza plastiki. Kwa hiyo mkufunzi makini huweka glavu, mifuko, gundi ya karatasi, chakula na mipira ndani ya makopo mengine, na mbwa halipwi kwa hivyo. Tena humpitisha kwenye mstari usio na pembe kabisa. Mbwa ambaye kila zoezi lilikuwa na kitu atatafuta kitu hata pasipo na kitu, kwa sababu hajawahi kufundishwa kwamba "hakuna" nalo ni jibu.

Kosa zito kuliko yote lipo upande wa pili wa kamba. Mwongozaji anayejua pembe iko wapi hupunguza mwendo anapoikaribia, husimama nusu sekunde, mkono unasogea kwenye mfuko wa mpira. Mbwa huzisoma dalili hizo kwa urahisi.

Mwaka 2011 watafiti wa Davis, California, walichapisha jaribio lililowagusa wengi. Waongozaji 18 na mbwa wao walipekua vyumba vinne vya kanisa, wakiwa wameambiwa kwamba huenda mna dawa za kulevya au vilipuzi, na kwamba mahali pengine pamewekwa karatasi nyekundu kuonyesha palipofichwa. Ukweli ni kwamba hapakuwa na kitu popote. Katika upekuzi 144, ni 21 tu uliomalizika bila taarifa yoyote ya kugundua. Zilitolewa taarifa 225 za uongo. Penye karatasi nyekundu palitajwa zaidi kuliko palipofichwa soseji na mipira ya tenisi, vitu vinavyompendeza mbwa mwenyewe.

Wanaowatetea mbwa wana hoja, nami naiheshimu. Waongozaji wale walidanganywa kwa makusudi, na kilichoandikwa ni kauli yao kwamba mbwa amegundua. Haijulikani ni mara ngapi mbwa alikaa kweli na mara ngapi mtu aliona alichotarajia kukiona. Pia mbwa hufundishwa harufu, na harufu hubaki baada ya mzigo kuondolewa.

Hoja hiyo ya mwisho ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Florida dhidi ya Harris. Mbwa aitwaye Aldo alitoa ishara kwenye kitasa cha gari. Ndani hapakuwa na dawa yoyote aliyofundishwa, ila zilipatikana malighafi za kutengenezea dawa za kulevya. Gari hilohilo liliposimamishwa tena, Aldo akatoa ishara tena na hakikupatikana kitu cha maana. Mahakama ya Florida ilidai kumbukumbu za kazi yake ya barabarani. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilikataa sharti hilo kwa kauli moja. Jaji Elena Kagan alieleza kwamba ishara inayoonekana ya uongo barabarani huenda ni mabaki ya kweli ya harufu, kwa hiyo majaribio ya mafunzo ndiyo kipimo bora, ingawa mshtakiwa ana haki ya kuyahoji.

Nakubaliana naye nusu. Ni kweli barabarani huwezi kujua kama mbwa amekosea au amenusa cha jana. Lakini hoja hiyohiyo humfanya mbwa asiweze kukosea kamwe: akipata ni hodari, asipopata ni mabaki. Na kipimo cha mafunzo kina thamani pale tu ambapo mwongozaji hajui kilipo kitu, na aliyesimama naye chumbani pia hajui.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: mbwa kukaa ni sababu ya kufungua begi. Kinachopatikana ndani ndicho ushahidi. Na pasipopatikana kitu lakini mtu akashikiliwa kwa ajili ya ishara ile, wakili wake ana maswali mawili ya kumuuliza mwongozaji. Lini mara ya mwisho mbwa huyu alipimwa kwenye chumba kitupu? Na siku hiyo, nani pale ndani alijua kwamba ni kitupu?