Usimsubiri mwimbaji kando ya jukwaa ndipo umwambie atulie

Msimu wa tamasha za muziki za shule ukifika, kando ya jukwaa husikika maneno yale yale. Watoto 40 wamejipanga, viganja vimelowa jasho, na mwalimu anawanong'oneza: "Tulieni. Vuteni pumzi ndefu." Inaniudhi, kwa sababu ushauri huo umechelewa wiki 3, na nusu yake unawadhuru.

Tuanze na hiyo pumzi. Mtu aliyeingiwa na wahka anapumua haraka, juu juu, na kifua chake tayari kimejaa hewa. Ukimhimiza avute tena na tena, anapoteza kaboni dioksidi nyingi kuliko inavyofaa: midomo inamchonyota, kichwa kinakuwa chepesi, mabega yanapanda. Akianza kuimba hapo, sauti inatetemeka. Anachohitaji ni kutoa pumzi. Avute kwa pua sekunde 4, kisha atoe sekunde 6 kwa "sss" nyembamba mpaka tumbo lirudi ndani. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika, na dakika 2 zinatosha. Moyo hupunguza mwendo wakati hewa inatoka. Ndiyo maana kutoa kunazidi kuvuta.

Ila hata hilo halisaidii kama wanalifanya kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Kwaya nyingi hujifunza wimbo mwili ukiwa umepoa, kisha zikauimbe moyo ukienda mbio, na kinachoharibika kwanza ni kasi. Chukua wimbo wa mapigo 72 kwa dakika, unaochukua dakika 3 na sekunde 20. Mwalimu akiwa na wahka, mkono wake unaanza kwa mapigo 84 bila yeye kujua, na wimbo unaisha kwa dakika 2 na sekunde 51. Pale palipokuwa na pigo moja la kuvuta pumzi, sekunde 0.83, sasa zimebaki 0.71. Soprano wanadaka hewa kidogo, mwisho wa sentensi unakatika, silabi zinagongana. Mwamuzi anaandika "matamshi", watoto wanarudi nyumbani kufanyia kazi matamshi, na ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Kwa hiyo utulivu ufanyiwe mazoezi pamoja na wimbo. Wiki 3 kabla, kila zoezi lianze na jaribio moja, kabla ya kupasha sauti vya kutosha, maana siku yenyewe nafasi ni moja. Warukeruke papo hapo dakika nzima mpaka waanze kuhema. Waingie kwa mstari wakiwa wamevaa viatu vya siku ile, wajipange, kisha wasimame kimya dakika nyingine. Kimya hicho kisirukwe. Jukwaani kipo kweli: mwamuzi bado anaandika habari za kwaya iliyotangulia, nanyi mnangoja kengele. Ni hapo wahka unapopanda kuliko wakati wowote, na ndipo ile "sss" inapofanya kazi, kwa sauti ndogo asiyoisikia mtu wa safu ya mbele. Kisha watoe noti, waimbe mpaka mwisho. Hata wakipotea, hakuna kusimama.

Rekodi kwa simu, na uangalie urefu tu. Wiki ya kwanza utaona dakika 2 na sekunde 50 na kitu, usiwagombeze. Wiki ya pili ongeza wageni: wapishi, walinzi, kidato cha kwanza wakae mbele kabisa. Wimbo ukianza kuisha ndani ya sekunde 5 za urefu wake halisi huku wanahema, hapo wameiva.

Na mwalimu ajirekebishe mwenyewe, kwa kuwa mkono wake ndio moyo wa kwaya. Kabla ya kuinua mikono, aimbe kichwani ule mstari wenye maneno mengi kuliko yote, wala si mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza mara nyingi una noti ndefu, nao unavumilia kasi yoyote. Ule wenye maneno mengi ukimkwama kichwani, anajua amekimbia, na bado ana nafasi ya kupunguza.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba maneno nayo yana nguvu kidogo. Utafiti wa Alison Wood Brooks uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa waliojiambia wamesisimka waliimba karaoke vizuri kuliko waliojiambia wana wasiwasi. Basi mwalimu akilazimika kusema neno, na awaambie "mmesisimka". Vidonge sivikubali kabisa kwa watoto. Propranolol, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, hutuliza mkono kweli, ndiyo maana mlenga shabaha Kim Jong-su alinyang'anywa medali mbili za Olimpiki ya Beijing 2008 alipokutwa nayo mwilini, lakini kwa mwenye pumu kidonge hicho kinaweza kubana njia ya hewa.

Jambo moja dogo la siku yenyewe: mdomo ukikauka, maji yawe ya uvuguvugu, funda moja dakika chache kabla ya kuingia. Akiwa amekwisha kujipanga, aiume ncha ya ulimi taratibu, mate yatarudi.