Ripoti ya zamu kitandani: kwa nini bado namshika Lewin

"Shikamoo Sista. Tumepewa kazi ya uongozi: chagua modeli ya mabadiliko, uitumie kuanzisha utaratibu mpya wodini. Nataka ripoti ya zamu itolewe kitandani kwa mgonjwa badala ya mezani. Wenzangu wote wanaandika Kotter, wanasema Lewin ni ya kizamani. Nishike ipi?"

Marahaba. Wenzako wana hoja, tuianze hiyo. John Kotter aliandika hatua zake nane katikati ya miaka ya 1990, baada ya kuangalia zaidi ya kampuni mia moja zikijaribu kujibadilisha na nyingi kukwama. Anakuambia uwafanye watu waone uharaka, uunde kikundi cha kusukuma jambo, utafute ushindi mdogo wa mapema, na usitangaze mapema kwamba umefanikiwa. Ukiwa unabadilisha hospitali nzima, mganga mfawidhi yuko nyuma yako na fungu lipo, sioni cha kumshinda. Na Kurt Lewin, mwanasaikolojia, ana udhaifu wa kweli: hatua zake tatu, kuyeyusha mazoea, kuyahamisha, kisha kugandisha mapya, ni maneno yanayodhani wodi hutulia mahali, wakati wauguzi wanahamishwa kila baada ya miezi michache na wanafunzi wanapokezana.

Lakini Lewin anayechekwa darasani ni nusu ya Lewin. Alifariki Februari 1947, na makala yenye zile hatua tatu ilitoka mwaka huohuo. Kilichobaki kwenye slaidi ni kipande cha barafu. Kilichoachwa ni hesabu yake ya nguvu: mazoea hayakai yalipo kwa sababu hakuna anayeyasukuma, yanakaa kwa sababu wanaosukuma na wanaozuia wamelingana, kama kuvuta kamba. Unaweza kuongeza watu upande wako, au kuwalegeza wa upande wa pili. Njia zote mbili zinaisogeza kamba, ila ya kwanza inaikaza, na siku ukipumzika inarudi kwa kasi.

Sasa iweke wodini. Niliwahi kupokea zamu ya asubuhi mezani, kila mtu na kitabu chake. Mwenzangu wa usiku akasoma: "Kitanda cha tisa, siku ya pili baada ya upasuaji, dripu inaendelea, yuko stebo." Nikaandika stebo. Nilipomfikia yule mama ilikuwa imepita karibu saa nzima. Dripu ilikuwa inaendelea kweli, ila maji yalikuwa yanaingia kwenye nyama, si kwenye mshipa. Mkono umevimba kama andazi, ngozi imekaza na ni ya baridi. Mwenzangu hakudanganya. Alipomwona mara ya mwisho saa kumi alfajiri mambo yalikuwa sawa. Ila meza haina mkono wa kushika.

Hicho ndicho kisa chako cha kuyeyushia, na wanafunzi wengi huharibu papo hapo. Wanaandika: "Hatua ya kwanza, nitaendesha semina kuwaelimisha wauguzi umuhimu wa utaratibu mpya." Hapo namkumbuka Lewin mwenyewe wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale Iowa, Marekani. Serikali ilitaka kina mama wapike moyo, figo na nyama nyingine za ndani, vitu walivyokuwa wakivikwepa (sisi tungepanga foleni). Vikundi vingine vilipewa mhadhara mzuri, wenye vitamini na mapishi. Vingine vilikaa vikazungumza vizuizi vyao, harufu, mume kugoma kula, kisha wakaamua kwa kunyoosha mikono. Muda ulikuwa uleule, dakika 45 hivi. Baadaye, waliosikiliza mhadhara, asilimia 3 walikuwa wamepika nyama ambayo hawajawahi kuipika. Waliojadili na kuamua, asilimia 32.

Usiziandike namba hizo kama msahafu. Vikundi vilikuwa vichache, na waliojadili walijulishwa kwamba watafuatwa kuulizwa, wenzao hawakuambiwa. Hilo peke yake linaweza kuwa limeongeza kitu. Hata ukipunguza kwa sababu hiyo, pengo ni kubwa. Na angalia walichojadili: vizuizi. Faida walizijua tayari. Wauguzi wako nao wanajua kwamba kumwona mgonjwa ni bora kuliko kumsikia. Semina itawaambia wanachokijua.

Kwa hiyo kaa nao nusu saa, uulize kinachozuia, unyamaze. Kwenye wodi ya vitanda 24 utasikia haya. Muuguzi wa usiku anataka kuwahi daladala, na kuzunguka vitanda vyote kutamchelewesha. Wakubwa kazini wanaogopa kusahihishwa mbele ya mgonjwa na mdogo wao. Na la tatu ndilo zito: vitanda vimekaribiana, ndugu wamejaa, nani atasema kwa sauti kwamba mama huyu anatumia dawa za virusi vya Ukimwi?

Mwenye haraka ataliita hilo la tatu upinzani na kulizima kwa amri. Mimi naliita maadili ya kazi yanayokuzuia usikosee. Lilegeze hivi: utambuzi wa ugonjwa, majibu ya maabara na mambo ya siri hubaki mezani, kwa dakika chache. Kitandani mnakwenda kuangalia, si kusimulia: mshipa wa dripu na kiasi kilichobaki, mfuko wa katheta, bandeji ya kidonda, kadi ya dawa kama dozi ya mwisho imesainiwa. La daladala, anza na vitanda vya wagonjwa mahututi na waliopasuliwa ndani ya siku mbili, labda sita kati ya 24. La aibu, kubalianeni kwamba kosa linarekebishwa kitandani kimya na kuzungumzwa mkirudi mezani. Kisha waamue wenyewe, mbele ya wenzao, siku ya kuanza. Hapo unaweza kumwazima Kotter ule ushindi wa mapema: wiki ya kwanza mtakuta dripu iliyotoka au dozi isiyosainiwa, itaje kwenye kikao bila kumtaja mtu.

Upimaji usiwe dodoso la "mmeridhika?" Chagua makabidhiano 20, uhesabu mara ngapi kilichosemwa hakikulingana na kilichoonekana. Usishtuke namba ikipanda mwanzoni: makosa yalikuwepo, sasa yanaonekana. Ikibaki sifuri kwa wiki mbili mfululizo, shuku kwamba watu wanapita kitandani bila kufunua shuka.

Kugandisha ndiko wanakomcheka zaidi, na ndiko ninakomtetea Lewin bila aibu. Hakumaanisha kila mtu asiguse tena. Alimaanisha jambo likae kwenye kundi, lisimtegemee mtu mmoja. Wodini maana yake ni ratiba ya zamu yenye dakika 15 za kupishana zilizoandikwa, mstari kwenye kitabu cha ripoti wa saini mbili zilizowekwa kitandani, na mgeni kufundishwa siku yake ya kwanza na muuguzi wa kawaida, si inchaji. Hili linajibu kiasi ule udhaifu wa watu kuhamahama, ingawa si wote: mkihamishwa nusu ya wodi kwa mpigo, utaanza upya, na hilo liandike kwenye kazi yako.

Kujua kama limeganda, usiende Jumatatu asubuhi inchaji akiwa kasimama mlangoni. Nenda Jumapili, saa ya kupokea zamu ya usiku, yeye akiwa likizo, uangalie kama wanatoka kwenye viti.