Miji miwili, vifo sawa kila rika, uwiano tofauti

Mji wenye wazee wengi huzika watu wengi, hata kama wazee wake wana afya kuliko wenzao wa kwingine. Kwa hiyo kiwango ghafi, yaani vifo vyote kugawanywa kwa watu wote, hakisemi mji upi una hali mbaya. Dawa yake ni usanifishaji wa umri, na njia zake ni mbili. Ya moja kwa moja huchukua viwango vya vifo vya kila rika mjini na kuvipima kwa mgawanyo wa umri wa jamii sanifu, yaani jamii moja iliyochaguliwa kuwa kipimo cha miji yote. Isiyo ya moja kwa moja huenda kinyume: hutumia viwango vya jamii sanifu kwa watu halisi wa mji, ikapata vifo tarajiwa. Vifo vilivyotokea hugawanywa kwa hivyo tarajiwa, mara 100, tukapata uwiano sanifu wa vifo.

Wengi huzichukulia kama njia mbili za kufika mahali pamoja. Tuzijaribu kwa hesabu ya kubuni. Katika jamii sanifu, walio chini ya miaka 60 hufa 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka, na wenye miaka 60 na zaidi hufa 40. Mji A na Mji B vina viwango vilevile kabisa: 4 kwa vijana, 40 kwa wazee. Tofauti ni umri tu. A ina vijana 9,000 na wazee 1,000. B ina 5,000 kwa 5,000.

A itakuwa na vifo 36 vya vijana na 40 vya wazee, jumla 76. Vifo tarajiwa ni 18 na 40, yaani 58. Uwiano: 131. B itakuwa na vifo 220 dhidi ya 210 tarajiwa. Uwiano: 105. Msomaji wa jedwali ataona A imeizidi B kwa mbali, ilhali hakuna rika hata moja ambalo watu wa A hufa zaidi. Njia ya moja kwa moja, tukichukua jamii sanifu yenye vijana asilimia 80, inaipa kila mji vifo 11.2 kwa 1,000. Hapo ndipo ukweli ulipo.

Kilichotokea ni kwamba uwiano hupimwa kwa umri wa mji wenyewe. Tatizo la miji yote miwili liko kwa vijana, na A ina vijana wengi, basi tatizo likaonekana kubwa zaidi. Kila uwiano unalinganisha mji wake na jamii sanifu, na hapo ni halali. Kuziweka 131 na 105 bega kwa bega ndilo kosa. Kosa hilo hutoweka pale kila mji unapozidi jamii sanifu kwa kiasi kilekile katika kila rika, kwa mfano mara moja na nusu kwa vijana na kwa wazee pia. Lakini ili ujue hivyo unahitaji viwango vya kila rika, na ukiwa navyo mara nyingi huhitaji tena njia hii.

Hata hivyo, njia ya moja kwa moja nayo ina udhaifu unaouma. Chukua mji mdogo wenye watu 6 tu wa miaka 80 na zaidi. Akifa mmoja, kiwango cha rika hilo kinaruka hadi 167 kwa 1,000. Asipokufa, ni sifuri. Kama rika hilo ni asilimia 2 ya jamii sanifu, kifo kimoja kimeongeza karibu 3.3 kwenye kiwango cha mji mzima. Kwa njia ya pili, kama vifo tarajiwa vya mji ni 15, kifo hichohicho kinasogeza uwiano kwa pointi 7 hivi tu. Tena njia hii haihitaji kujua marehemu walikuwa na umri gani: jumla ya vifo na idadi ya watu kwa rika vinatosha. Kwa kikundi kidogo, kama wafanyakazi wa kiwanda kimoja, sioni sababu ya kuidharau.

Halafu kuna jamii sanifu yenyewe. Ile ya Ulaya ya 1976 iliwapa wenye miaka 65 na zaidi asilimia 11. Toleo la 2013 likawapa asilimia 19.5. Mji wenye viwango 2 kwa vijana na 46 kwa wazee unapata 10.8 kwa jamii yetu ya asilimia 80, chini ya ile 11.2 ya A. Punguza vijana hadi asilimia 60: unapata 19.6, na A 18.4. Nafasi zimebadilishana bila mtu yeyote kufa zaidi. Mistari ya viwango inapokatana hivi, yaani mji mmoja ukizidi kwa vijana na mwingine kwa wazee, mimi ningechapisha viwango vya kila rika na kuacha namba moja kabisa.

Pale isipokatana, na vifo vikiwa vingi vya kutosha, ningeanza na njia ya moja kwa moja. Vifo vikiwa vichache ningetumia uwiano, kila mji kwenye mstari wake dhidi ya 100, na nisingeupanga orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho.