Mwisho wa nchi au .com: swali ni nani ameshika mlango

Kuna kanuni imezagaa sana mtandaoni, kwamba saiti ikiishia na herufi za nchi hiyo ni ya serikali kweli, ikiishia .com au .org jua ni matapeli. Halafu kuna kundi la pili, hawa wamesoma kidogo, wanawacheka wa kwanza: we unaamini herufi za nchi? hujui zinauzwa kama karanga? mi bora niamini .org.

Kundi la kwanza wamekosea, hilo tutalifikia. Ila hawa wa pili ndo wamenifanya niandike, maana wamechukua ukweli wa nusu wakaufanya ukweli wote, na katika kuukimbia mwisho wa nchi wanaitupilia mbali alama nzuri kuliko zote tulizonazo.

Nianze na pale wanapokuwa sahihi. Herufi mbili za mwisho ni za nchi au eneo, lakini kila nchi inajipangia yenyewe nani aruhusiwe kusajili. Wengine wameamua kuuza kwa dunia nzima. .tv ni ya Tuvalu, .io ni ya eneo la Uingereza lililoko Bahari ya Hindi, .ai ni ya Anguilla, .co ni ya Kolombia, na ukifungua saiti kumi zenye miisho hiyo unaweza usikute hata moja yenye uhusiano na huko. Mbaya zaidi ilikuwa .tk ya Tokelau, ambayo kwa miaka mingi ilitolewa bure kupitia kampuni ya Freenom pamoja na .ml ya Mali na .ga ya Gabon, na kitu cha bure kisichouliza jina lako unajua nani atakikimbilia. Mwaka 2023 Meta waliwapeleka Freenom mahakamani kwa sababu ya utapeli uliojaa humo, na mwaka huohuo Gabon wakachukua .ga yao wakaanza kuisimamia upya. Kwa hiyo mtu akikwambia herufi mbili za mwisho peke yake hazithibitishi kitu, mkubalie, yuko sawa.

Shida ni kwamba anaishia hapo. Anaangalia kipande cha mwisho tu, wakati jibu liko kwenye kipande kinachokitangulia.

Nchi nyingi zimetenga chumba ndani ya nyumba yao. gov.uk, gov.za, gov.au, gouv.fr, go.jp, go.ke, go.tz, hivi vyote ni vyumba vyenye mlango na mtu amesimama mlangoni. Huwezi kuingia kwa kadi ya benki. Lazima uwe taasisi ya umma, maombi yapite kwa wanaohusika, na jina linabaki la taasisi. Hapo herufi za nchi zinakuwa na uzito, kwa sababu chumba kimewekwa na nchi yenyewe na hakiuzwi.

Tuchukue nchi ya kubuni, tuipe herufi XX (hizi hazitapewa nchi yoyote, zimeachwa kwenye orodha ya kimataifa kwa matumizi ya watu binafsi, ndo maana nazitumia bila kumwonea mtu). Mamlaka yake ya kodi ina saiti, na wewe umetumiwa linki tatu kwa meseji:

```
https://kodi.go.xx/lipa
https://kodi-go.xx/lipa
https://kodi.go.xx.example.com/lipa
```

Ukiziangalia kwa haraka zinafanana. Sasa tafuta mkwaju wa kwanza baada ya ile mikwaju miwili ya mwanzo, weka kidole hapo, kisha soma ukirudi kushoto. Ya kwanza unakutana na xx, nukta, go, nukta, kodi, yaani kodi aliyeko ndani ya chumba cha go.xx. Safi. Ya pili unakutana na xx, nukta, halafu kodi-go yote ni neno moja, kile kistari hakitenganishi kitu, nukta tu ndo inatenganisha. Kama XX inauza majina moja kwa moja chini ya .xx basi mtu yeyote anaweza kuwa amelinunua hilo jana usiku. Ya tatu ndo hatari kwenye simu, kwa sababu mwenye nyumba ni example.com, na mwenye nyumba anaruhusiwa kuandika chochote mbele ya jina lake, hata kodi.go.xx nzima nzima, halafu skrini ikiwa nyembamba unaweza kuona mwanzo tu na mwisho umekatwa.

Na tafadhali tusidanganyane na ile kufuli inayokaa pembeni ya anwani kwenye kivinjari. Inatokana na cheti cha saiti, na cheti cha kawaida kinasema mawasiliano yamefichwa na kwamba aliyekiomba analidhibiti jina hilo, basi, na vinapatikana bure. Saiti ya tapeli nayo ina kufuli. Chrome wenyewe waliiondoa ile alama mwaka 2023 wakaweka nyingine, maana watu walikuwa wanaisoma kama uthibitisho kwamba saiti ni ya kuaminika.

Sasa upande wa .com na .org, na hapa nawapa haki yao. Kuna taasisi rasmi kabisa ziko huko na hazina shida yoyote. Umoja wa Mataifa ni un.org, Benki ya Dunia ni worldbank.org, Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ni icrc.org. Taasisi ya kimataifa haina nchi, unataka iweke herufi za nani? Kuna .int kwa mashirika yaliyoanzishwa kwa mkataba kati ya serikali, ndo utakuta who.int na au.int, na huo mlango ni mgumu kweli, lakini si wote wameutumia. Halafu zipo nchi ambazo saiti zao kuu hazimo kwenye chumba cha aina hiyo: serikali ya Ujerumani iko bundesregierung.de, ya Uswidi regeringen.se, Kanada wanatumia canada.ca. Ukienda na kanuni ya "bila gov ni feki" utazikataa hizi zote. Na kinyume chake .gov tupu, isiyo na nchi nyuma yake, ni mwisho wa jumla kama .com lakini ni ya taasisi za serikali za Marekani tu, na imefungwa. Kwa hiyo mpaka haupiti kati ya nchi na jumla moja kwa moja, unapita kati ya mlango wenye mlinzi na mlango ulio wazi.

Ila .org haina mlinzi. Hii watu wanabishana nami mpaka leo, wanadhani .org lazima uwe shirika lisilo la faida. Hapana, unalipa unapewa, sawasawa na .com.

Mfano mzuri ni kibali cha kusafiri kwenda Marekani kinachoitwa ESTA. Cha kweli kinaombwa kwenye esta.cbp.dhs.gov, jina baya, refu, halikaririki. Pembeni yake kuna saiti kibao za .com na .org zenye neno esta ndani, zimepambwa vizuri kuliko yenyewe, na nyingine hata hazidanganyi waziwazi, chini kabisa kwa maandishi madogo zimeandika sisi si serikali, wanachukua taarifa zako wanazijaza kwako wanakutoza juu ya ada halisi. Wengine wanachukua pesa wanapotea, pamoja na namba yako ya pasipoti. Jina zuri limekuwa la wafanyabiashara kwa sababu jina zuri kwenye .com ni la aliyewahi kwanza.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni majina yanayokufa. Jina la .com au .org halinunuliwi, linakodishwa, kwa mwaka au miaka kadhaa. Wizara inaanzisha mradi, ina wafadhili, kijana wa IT anaambiwa haraka tunazindua wiki ijayo, anaona kuomba jina kwenye chumba cha serikali kuna barua na saini, anachomoa kadi anakodi .org kwa dakika tano. Mradi unaisha, kijana anahama, imeili ya kukumbushia malipo inaenda kwenye anwani isiyosomwa na mtu. Kwa .com ratiba inajulikana: baada ya kuisha muda kuna hadi siku 45 ambazo wakala uliyekodi jina kwake anaweza kukuacha ulipe kawaida, halafu siku 30 za kulikomboa kwa faini, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu linaachiwa kwa yeyote. Kuna watu kazi yao ni kusubiri hiyo siku, na programu zao zinanunua ndani ya sekunde.

Na wanachonunua ni heshima ya wizara. Vipeperushi vilivyochapwa bado viko ukutani kwenye zahanati, vitabu vya shule vina hiyo anwani, saiti za serikali bado zina linki kuelekea huko. Mtu anabonyeza anakuta kamari, na kamari ndo afadhali, maana anayetaka kudhuru anarudisha nembo ileile na fomu ileile. Anaweza hata kuanza kupokea imeili zinazotumwa kwenye anwani za zamani. Ndani ya go.xx hili halitokei kwa njia hiyo, mradi ukifa jina linakufa nao, hakuna soko la kulipeleka.

Sisemi chumba kilichofungwa ni msahafu. Seva za serikali zinavamiwa, utakuta ukurasa wa kamari umejificha ndani ya saiti halali ya halmashauri, na sabdomeini, yaani jina dogo lililotangulizwa mbele ya jina kuu, ikielekezwa kwenye huduma ya nje ikasahaulika inaweza kutekwa. Chumba kinakuambia jina ni la nani tu, hakikuambii kama ndani kumefagiliwa.

Kwa hiyo mi nikikutana na .com au .org inayojiita rasmi silikatai, natafuta saiti iliyoko kwenye chumba kilichofungwa, nafika huko kwa kuandika mwenyewe si kwa kubonyeza, naangalia kama yenyewe inaelekeza kwenye hiyo .org. Kinyume chake haina maana, tapeli anaweza kuweka linki za wizara hata mia.

Ila mbinu yangu nayo inapasuka palepale kwenye jina lililokufa, kwa sababu ukurasa wa wizara wa zamani bado unaelekeza huko. Hapo naenda lookup.icann.org naandika jina, naangalia tarehe ya Created. Kama mradi ulizinduliwa 2014 na tarehe inasema 2023, jina lilidondoka likasajiliwa upya, huenda na mtu mwingine, funga ukurasa. Kama inasema 2014 bado sijamaliza, kwa sababu mawakala wengi huyapiga mnada majina yaliyoisha muda kabla hayajafutwa, na likiuzwa hivyo tarehe haibadiliki. Kilichobaki hapo ni kupiga simu wizarani, kwa namba iliyoko kwenye saiti yao ya go.xx.