Ukuta Mwembamba Ndio Mtihani

Mabishano kuhusu njia mbili za kukokotoa mwanga unaodunda kwenye gemu, koni za vokseli na gridi ya vituo vya mwanga, huanzia kwenye kasi. Mimi huanzia ukutani. Washa taa kali chumba kimoja, funga mlango, ingia chumba cha pili chenye giza, kisha zima mwanga wa moja kwa moja ubaki na ule uliodunda tu. Ukiona ukungu wa mwanga ukutani, umevuja.

Chukua eneo la mita 64 kila upande, lililogawanywa kwa vokseli, yaani vijisanduku, 256 kwa 256 kwa 256. Kila vokseli ina upana wa sentimita 25, kwa hiyo ukuta wa sentimita 10 hauijazi hata nusu. Hata ukiihesabu vokseli hiyo kuwa imejaa kabisa, koni inayokusanya mwanga hupanuka kadiri inavyosonga na kusoma ngazi zenye vokseli kubwa zaidi. Kwenye ngazi ya sentimita 50 ukuta huo umeshakuwa pazia. Ukitaka vokseli za sentimita 10, unatoka takriban milioni 17 hadi milioni 262. Kwa baiti 4 kila moja, hiyo ni kama gigabaiti nzima badala ya megabaiti 64. Mti wa vokseli wa Cyril Crassin na wenzake, 2011, huruka sehemu tupu na kuokoa kumbukumbu, ila kuujenga upya vitu vinaposogea kuna bei yake.

Sasa weka vituo, yaani nukta zinazotunza mwanga unaozifikia, kila baada ya mita 2, tuseme kwa kimo cha mita 8: vituo 4,096. Kila kimoja kirushe miale 128 na utapata miale 524,288 kwa fremu, yaani robo ya mwale kwa pikseli kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, na idadi hiyo haipandi ukiongeza pikseli. Kumbukumbu ni kama megabaiti 5. Uzuri wake hasa ni kwamba kila kituo hutunza pia wastani wa umbali wa vitu vinavyokizunguka na wastani wa mraba wa umbali huo, hivyo sehemu iliyo nyuma ya ukuta hupewa uzito mdogo sana. Kuvuja hakuishi kabisa, hasa kituo kikiangukia ndani ya ukuta wenyewe, lakini hupungua mno.

Bei unailipa kwa kuchelewa. Ukibakiza asilimia 97 ya thamani ya zamani ya kituo kila fremu, taa ikizimwa chumba huchukua kama fremu 76 kupoteza asilimia 90 ya mwanga wake, zaidi ya sekunde moja kwa kasi ya fremu 60 kwa sekunde. Ukipunguza asilimia hiyo, mwanga huanza kumetameta.

Kwa gemu ya ndani ya majengo, nachagua vituo bila kusita, mradi kadi ya michoro iweze kurusha miale. Koni ningeziacha kwa sakafu zinazong'aa: koni nyembamba hutoa mwakisiko laini unaokubalika, kitu ambacho vituo vya mita 2 haviwezi kabisa.